Dawa Inapoonekana Kudhuru: Vitatanishi katika Takwimu za Wajawazito wa Busia na Tororo (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza tulizungumzia namna takwimu zinavyotolewa kwenye madaftari ya kliniki na kupangwa kwa ajili ya uchambuzi. Leo tunaingia kwenye swali ambalo madaftari hayo hayawezi kulijibu yenyewe, hata yakiandikwa kwa uangalifu kiasi gani. Mwanafunzi wa afya ya jamii anataka kujua kama wajawazito wanaomeza dozi tatu au zaidi za SP, dawa ambayo wengi bado huiita Fansidar, huzaa watoto wachache wenye uzito pungufu, yaani chini ya kilo 2.5, kuliko wanaomeza dozi chache. Swali hili lina uzito wa pekee katika ukanda wa Busia na Tororo, kwa kuwa malaria huko ni ya mwaka mzima. Nchini Kenya, dawa hii ya kinga hutolewa katika maeneo yenye malaria nyingi tu, na Kaunti ya Busia ni mojawapo. Tangu mwaka 2012, Shirika la Afya Duniani limeelekeza kwamba mjamzito aanze kuimeza katika miezi mitatu ya pili ya ujauzito, kisha aimeze tena kila ahudhuriapo kliniki, mradi mwezi mmoja uwe umepita tangu dozi iliyotangulia.

Tuchukue hesabu ya mfano. Nimeitunga kwa ajili ya somo hili, wala si takwimu za hospitali yoyote, na tofauti zake nimezikuza kidogo ili zionekane wazi. Kina mama ni 1,000. Mia tano walimeza dozi tatu au zaidi, na 72 kati yao walizaa watoto wenye uzito pungufu, sawa na asilimia 14.4. Mia tano wengine walimeza dozi chache, na 64 kati yao walizaa watoto wa namna hiyo, sawa na asilimia 12.8. Akiishia hapo, mwanafunzi ataandika kwamba dawa haisaidii, na pengine inadhuru. Hesabu yake haina kosa. Kosa limo katika kudhani kwamba makundi hayo mawili yanafanana katika kila jambo isipokuwa vidonge.

Hayafanani, na tofauti kubwa kuliko zote ni idadi ya mimba. Mwanamke anayebeba mimba ya kwanza katika eneo la malaria yumo hatarini kuliko mwenzake aliyekwisha kuzaa. Vimelea vya malaria hujikusanya kwenye kondo la nyuma kwa kushika mahali ambapo mwili wake haujawahi kujifunza kupalinda. Kinga ya mahali hapo hujengeka mimba kwa mimba. Tena mzaliwa wa kwanza mara nyingi huwa mwepesi, na malaria ikiwepo wepesi huo huzidi. Wakati huohuo, mwenye mimba ya kwanza mara nyingi huanza kliniki mapema na kuhudhuria kwa bidii, ilhali mama wa watoto wanne ana shamba, ana watoto wa kuangalia, na huja akiwa amechelewa. Basi mimba ya kwanza huongeza dozi na hupunguza uzito wa mtoto kwa njia mbili tofauti. Jambo la namna hii ndilo kitatanishi: linagusa nani apate dawa, linagusa matokeo kwa njia yake lenyewe, na lilikuwepo kabla ya kidonge cha kwanza kumezwa.

Sasa tuwatenganishe kina mama wale wale 1,000. Wenye mimba ya kwanza ni 400. Kati yao 300 walimeza dozi tatu au zaidi, na 60 walizaa watoto wenye uzito pungufu, asilimia 20. Mia moja walimeza dozi chache, na 28 walizaa hivyo, asilimia 28. Waliokwisha kuzaa ni 600. Mia mbili walipata dozi za kutosha, na 12 walizaa watoto wenye uzito pungufu, asilimia 6. Mia nne hawakuzipata, na 36 walizaa hivyo, asilimia 9. Ndani ya kila kundi dawa imesaidia. Tulipowachanganya, ilionekana inadhuru, kwa sababu kundi la dozi nyingi lilikuwa limejaa mimba za kwanza.

Mwanafunzi atauliza: niripoti namba ipi, kwa kuwa sasa ninazo mbili? Njia nyepesi ni kusawazisha. Jiulize hatari ingekuwaje kama kina mama wote 1,000, asilimia 40 wakiwa wa mimba ya kwanza na asilimia 60 wakiwa wamekwisha kuzaa, wangemeza dozi tatu. Zidisha 0.4 kwa 20 na 0.6 kwa 6, kisha jumlisha: asilimia 11.6. Kama wote wangemeza dozi chache, zidisha 0.4 kwa 28 na 0.6 kwa 9: asilimia 16.6. Tofauti ni pointi tano, na uwiano wa hatari ni takriban 0.70. Kwenye programu ya R kazi hiyo hiyo hufanywa hivi, ambapo `mdogo` ni uzito pungufu, `dozi3` ni dozi tatu au zaidi, na `kwanza` ni mimba ya kwanza, zote zikiandikwa kwa 0 na 1:

```r
m <- glm(mdogo ~ dozi3 * kwanza, family = binomial, data = d)
mean(predict(m, transform(d, dozi3 = 1), type = "response"))
mean(predict(m, transform(d, dozi3 = 0), type = "response"))
```

Mistari miwili ya mwisho itatoa 0.116 na 0.166. Faida ya kwenda kwa njia ya modeli huonekana pale unapotaka kuongeza umri wa mama, elimu au kituo, kwa sababu ukigawa kina mama kwa mkono katika makundi mengi utabaki na makundi yenye watu wawili watatu, ambayo asilimia zake hazina maana.

Hapo ndipo hoja ya wengi huzuka: kwa nini basi nisitie kwenye modeli kila kilichomo daftarini, ili nisiache kitu? Hoja hii ina mvuto, lakini naipinga kabisa. Fikiria malaria ya kondo la nyuma iliyopimwa siku ya kujifungua. Inahusiana na dozi na inahusiana na uzito, kwa hiyo kwa macho ya kompyuta inafanana na mimba ya kwanza. Lakini ilikuja baada ya dawa. Ni njia ambayo dawa hupitia kufanya kazi. Ukiisawazisha, umeondoa sehemu ya faida ile ile uliyotaka kuipima. Kipimo cha uwezekano wa matokeo kutokea kwa bahati hakiwezi kukuonya hapa, wala utaratibu wa kuiachia programu ichague vigezo yenyewe hauwezi. Mimba ya kwanza na malaria ya kondo hutofautishwa na jambo moja tu, nalo ni lipi lilitangulia, na hilo hulijua mtu anayejua kliniki inavyoendeshwa.

Kuna ushahidi kutoka Busia ya Uganda unaoonyesha jinsi njia ambazo dawa hupitia zilivyo ngumu kuliko tunavyodhani. Katika jaribio lililochapishwa kwenye jarida la Lancet mwaka 2019, wajawazito 782 waligawanywa kwa kura, wengine wapewe SP na wengine dawa mseto ya dihydroartemisinin na piperaquine. Dawa mseto ilipunguza malaria mno kuliko SP, kama ilivyotarajiwa mahali ambapo vimelea vimekuwa sugu kwa SP. Hata hivyo, matokeo ya uzazi hayakuwa bora. Watafiti wengi wanaona kuwa SP huenda inasaidia ukuaji wa mtoto kwa njia nyingine isiyo ya malaria. Tazama pia kura ilivyofanya: wenye mimba ya kwanza waligawanyika karibu sawasawa pande zote mbili, kwa hiyo idadi ya mimba haikuweza kutatanisha. Mwanafunzi wetu hana kura. Wala hawezi kuipiga, maana kuwanyima kina mama dozi zilizoagizwa na sera ili apate ulinganisho ni jambo lisilokubalika.

Vitatanishi vingine vya ukanda huu havihitaji modeli, vinahitaji uamuzi. Mjamzito mwenye VVU anayemeza kotrimoksazoli hapewi SP, kwa sababu dawa hizo mbili zinafanana na kuzichanganya ni hatari. Basi yeye huingia kwenye kundi la dozi chache pamoja na hatari za ugonjwa wake. Mwondoe kwenye uchambuzi tangu mwanzo, na useme wazi kwamba matokeo yako yanawahusu wasio na VVU tu. Mahali nako ni kitatanishi. Wilaya ya Tororo ilianza kupuliziwa dawa ya mbu majumbani mwishoni mwa 2014, ilhali Busia jirani haikuwamo. Ukichanganya madaftari ya wilaya hizo mbili ya miaka iliyofuata, tofauti ya vituo katika kugawa dozi inaweza kujivika sifa za dawa ya ukutani. Linganisha mama wa kituo kimoja na mwenzake wa kituo hicho hicho, na wa mwaka huo huo.

Lipo kosa moja ambalo hata wachambuzi wazoefu huliangukia. Mama aliyejifungua wiki ya 31 hakupata muda wa kufikia dozi nyingi, na mtoto wake ni mwepesi kwa sababu amezaliwa kabla ya wakati. Hapo dozi chache zimetokana na kuzaa mapema, hazikukusababisha, na SP itaonekana inafanya miujiza isiyo yake. Usilitibu hili kwa kuingiza umri wa mimba wakati wa kujifungua kwenye modeli, kwani huo nao ni tokeo. Chagua wiki moja, tuseme ya 28. Chukua kina mama ambao bado walikuwa wajawazito wiki hiyo, hesabu dozi walizokwisha kumeza hadi hapo, kisha fuatilia kilichotokea baadaye. Wiki 28 ni mapema mno kwa wengi kufikia dozi tatu, kwa hiyo swali litabidi liwe la dozi mbili dhidi ya moja au sifuri.

Mpinzani wa mwisho husema kwamba kitatanishi kisichoandikwa, kama vile utajiri au lishe, kitabaki palepale. Ni kweli, na hakuna modeli itakayokiondoa. Lakini tunaweza kuuliza kinahitaji nguvu kiasi gani. VanderWeele na Ding walieleza mwaka 2017 namna ya kukadiria: kwa uwiano wa 0.70 wa mfano wetu, kitatanishi kilichofichika kingehitaji kuhusiana na dozi na pia na uzito, kila upande kwa uwiano wa takriban 2.2, ndipo faida yote ifutike. Lishe duni inaweza kufika hapo upande wa uzito. Upande wa dozi ni shaka zaidi, lakini haiwezi kukataliwa kutoka kwenye kiti cha maktaba.

Basi, mwanafunzi unayeandaa tasnifu, kabla ya kufungua faili la takwimu kaa na muuguzi wa kliniki ya wajawazito. Andika kwa mfuatano wa wiki nini hutangulia nini, kisha uamue mbele ya msimamizi wako kipi utakisawazisha na kipi utakiacha. Orodha hiyo uiweke kwenye sura ya mbinu, pamoja na jedwali la idadi ya mimba kwa kila kundi la dozi, ili msomaji aweze kukupinga kwa hoja. Sehemu ya tatu itahusu kadi za kliniki za mama anayeishi upande mmoja wa mpaka na kujifungulia upande wa pili, na dozi zinazopotea njiani.