Hashtegi za Video Fupi: Zinafanya Nini Hasa, na Utazipimaje

Fungua video yoyote ya mapishi, ya mitindo ya nywele au ya vichekesho, ushuke hadi chini ya maelezo yake. Utakutana na msururu uleule: #fyp #foryou #viral #trending, kisha jina la nchi, na labda jina la msanii ambaye haonekani popote kwenye video hiyo. Watu wanakili msururu huo kutoka kwa wenzao. Wapo hata wanaouza orodha za "hashtegi zinazotrendi wiki hii" kwenye makundi ya WhatsApp. Muulize muuzaji amejuaje kwamba zinafanya kazi, atakuonyesha video moja iliyopata watazamaji laki moja.

Ushahidi huo hautoshi, na ili kuona kwa nini, turudi kidogo nyuma. Mwezi Agosti 2007, Chris Messina alipendekeza kwamba watumiaji wa Twitter waweke alama ya # mbele ya neno ili mazungumzo ya jambo moja yakusanyike mahali pamoja. Wakati ule ulikuwa ukiona machapisho ya watu unaowafuata tu, yakipangwa kwa saa yalipotumwa. Aliyetaka kusoma ya watu asiowajua alihitaji mlango wa kupitia, na hashtegi ndiyo iliyokuwa mlango huo.

Kwenye TikTok, Reels za Instagram na Shorts za YouTube hali ni tofauti, kwa sababu mtazamaji habishi hodi popote. Anafungua programu na video zinamjia zenyewe, zikiwa zimechaguliwa na mfumo unaokisia ni ipi atakayoiangalia mpaka mwisho. Juni 2020 TikTok ilieleza hadharani mfumo wake unaangalia nini. Ilitaja mwenendo wa mtazamaji, yaani anachomaliza kuangalia, anacholaiki, anachosambaza na anachokomenti. Ikataja taarifa za video yenyewe, ambamo ndimo zilimo kapsheni, sauti na hashtegi. Mwisho ikataja mipangilio ya simu na akaunti, kama lugha na nchi, ambayo uzito wake ni mdogo. Ilisema pia kwamba mtu kuimaliza video ndefu kidogo tangu mwanzo hadi mwisho ni dalili nzito, ilhali mtazamaji na mtengenezaji kuwa nchi moja ni dalili hafifu.

Video ikiwa mpya kabisa, hakuna aliyeiona, kwa hiyo hakuna mwenendo wa kupima. Hapo maneno husaidia: mfumo unasoma kapsheni, na pia unachambua picha na sauti, ili ujue video inahusu nini na ianze kuonyeshwa kwa nani. Lakini watu wakishaanza kuiangalia, kinachoamua ni walivyoipokea. Hashtegi ya jina la msanii kwenye video ya vitumbua inaweza hata kukugharimu, kwa sababu unaweza kuonyeshwa kwa mashabiki wa muziki ambao watapitiliza kwa kidole sekunde ya pili, na kupitiliza huko kunahesabiwa. YouTube nayo huzipuuza hashtegi zote za video iliyobebeshwa zaidi ya 60. Instagram, iliyoruhusu hashtegi 30 kwa miaka mingi, mwaka 2021 iliwashauri watengenezaji watumie 3 hadi 5 tu, na mkuu wake, Adam Mosseri, amesema zaidi ya mara moja kwamba hashtegi haziongezi sana idadi ya watu wanaofikiwa.

Je, hiyo ina maana maneno hayana kazi? Hapana, ila kazi yake kubwa iko mahali ambapo wengi hawapaangalii, nako ni kwenye kisanduku cha kutafutia. Mtu anayeandika "jinsi ya kupika vitumbua" hasubiri kupendekezewa. Anatafuta, na mfumo unalinganisha maneno yake na kapsheni, hashtegi na majina ya akaunti. Instagram ilieleza mwaka 2021 kwamba utafutaji wake unafanya hivyo. Basi anayetaka kupima maneno yake asianze na jumla ya watazamaji. Aangalie wametoka wapi.

Tuchukue mfano wa mama anayepika vitafunwa vya pwani na kuvirekodi kwa simu. Anataka kujua kama kapsheni inayotaja chakula inashinda kapsheni ya salamu. Kosa la kwanza analoweza kufanya ni kupandisha video ileile mara mbili kwa maneno tofauti. Wafuasi wake wameshaiona, wataipita, na mitandao hii haipendi kupendekeza kitu kilichorudiwa. Anahitaji video pacha, zinazofanana bila kuwa ileile: vitumbua vya mchele na vitumbua vya unga, sambusa za nyama na sambusa za dengu, na kadhalika, mpaka apate jozi 8. Katika kila jozi urefu uwe sawa, ufunguzi uwe wa namna moja, saa ya kutuma iwe ileile, na maneno anayoyasema kwenye video yawe ya aina moja. Hilo la mwisho watu hulisahau. Akitamka "vitumbua" kwa sauti katika video moja na kunyamaza katika nyingine, mfumo umeshapata neno kupitia sauti, na kapsheni haina jipya la kuongeza.

Kisha anarusha shilingi. Kichwa kikiangukia juu, video ya kwanza inapata kapsheni ya salamu, "Asubuhi njema wapenzi wangu", pamoja na #fyp #viral. Mwenzake inapata "Jinsi ya kupika vitumbua vya unga visishike kwenye chuma" pamoja na #vitumbua #mapishi. Shilingi ina sababu yake. Akichagua mwenyewe, bila hata kujijua ataipa kapsheni nzuri video iliyomtoka vizuri, halafu aisifu kapsheni kwa kazi iliyofanywa na vitumbua.

Tuseme amesubiri siku 7 kwa kila video kabla ya kusoma takwimu. Hesabu zifuatazo ni za mfano tu, lakini sura yake ndiyo anayoikuta karibu kila anayejaribu. Video nyingi zimepata watazamaji kati ya 400 na 900. Moja, yenye kapsheni ya salamu, imeruka hadi 41,000. Akitafuta wastani wa kila kundi, salamu inashinda kwa mbali, na muuzaji wa orodha za hashtegi ameshapata picha ya kuonyesha wateja. Ila ushindi wote huo umebebwa na video moja. Akilinganisha jozi kwa jozi, kapsheni ya chakula imeongoza mara 5 kati ya 8. Na shilingi ikirushwa mara 8, kupata vichwa 5 au zaidi hutokea zaidi ya mara moja katika kila majaribio matatu. Kwa jumla ya watazamaji, basi, hajagundua kitu.

Kuruka kwa video moja si lazima kuwe na siri nyuma yake. Mwaka 2006 Matthew Salganik, Peter Dodds na Duncan Watts walichapisha jaribio ambamo watu zaidi ya 14,000 walisikiliza nyimbo 48 zisizojulikana. Baadhi yao waligawanywa katika makundi 8 yaliyojitenga, kila kundi likiona ni nyimbo zipi zimepakuliwa zaidi na wenzao. Nyimbo zilikuwa zilezile, lakini washindi walitofautiana kundi hadi kundi. Wimbo mmoja ulishika nafasi ya 1 katika kundi moja na ya 40 katika jingine. Waliotangulia waliupenda kwa bahati, waliofuata wakafuata. Video fupi zinapita katika njia hiyohiyo, na ndiyo maana jozi moja au mbili hazithibitishi lolote.

Sasa mama yetu afungue takwimu za kila video, sehemu ya vyanzo vya watazamaji. Kwenye TikTok atakuta mstari wa For You, mwingine wa Search na mingineyo. Mstari wa Search umeandikwa kwa asilimia, na hapo pana mtego. Video ya chakula yenye watazamaji 700 inaonyesha asilimia 9, ile iliyoruka inaonyesha asilimia 0.4, na kwa haraka ungesema ya kwanza imetafutwa zaidi. Zidisha uone: asilimia 9 ya 700 ni watu 63, na asilimia 0.4 ya 41,000 ni watu 164. Video iliyopendwa sana hupanda hata kwenye matokeo ya utafutaji, kwa sababu mfumo unaamini wengine nao wataipenda. Kinachopaswa kulinganishwa ni idadi ya watu, asilimia peke yake inadanganya.

Akizidisha hivyo kwa video zote, anakuta kapsheni ya chakula imeshinda jozi 7 kati ya 8, na iliyoshindwa ni ile iliyokutana na video ya 41,000. Shilingi kutoa vichwa 7 au zaidi katika mirusho 8 hutokea takriban mara 9 katika 256, yaani chini ya mara 4 katika mia. Hiyo ni dalili ya kuaminika. Na arudi kuangalia tena baada ya siku 30, kwani watazamaji wa mapendekezo huja kwa wingi siku za mwanzo kisha hukauka, wakati wanaotafuta hudondoka mmojammoja kwa wiki nyingi. Aliyepima siku mbili za kwanza tu amewakosa.

Bado kuna swali ambalo jaribio hili haliwezi kulijibu. Amebadilisha kapsheni na hashtegi kwa pamoja, hivyo hajui ni kipi kilichofanya kazi. Duru ya pili inabidi kapsheni ya chakula ibaki kwa video zote, na shilingi iamue ni ipi inayoongezewa #vitumbua #mapishi. Mimi nadhani tofauti itakuwa ndogo, kwa kuwa neno "vitumbua" tayari limo kwenye sentensi na hashtegi inalirudia tu. Ingeweza kuwa kubwa pale ambapo hashtegi inaleta neno ambalo sentensi haina, kwa mfano mwenye video ya mahamri ya Mombasa anapoongeza #mandazi kwa ajili ya watafutaji wa Dar es Salaam.

Kapsheni ya salamu haina ubaya kwa anayeongea na wafuasi wake. Lakini kama unauza kitu, au unafundisha kitu ambacho watu wanakitafuta, kiandike kwa jina lake kwenye sentensi ya kwanza ya kapsheni. Halafu, kabla hujalipia orodha ya hashtegi, mwombe muuzaji akuonyeshe mstari wa Search wa video zake 8 za mwisho, zote, pamoja na zile zilizolala.