Kengele ya Mlangoni Isiyonyamaza

Kengele ya waya ikianza kunguruma usiku wa manane na getini hakuna mtu, zima kwanza breka yake. Koili iliyo ndani ya kengele imetengenezwa kupitisha umeme kwa muda mfupi tu, kadiri kidole kinavyokaa kwenye kitufe. Ikiachwa saa nzima huchemka, vanishi inayotenga nyuzi zake ikaungua, nyuzi zikagusana, na koili ikazidi kuvuta umeme. Transfoma nayo hubeba mzigo usio wake.

Kabla ya kufungua kitu, jua kengele yako ni ya aina gani. Nyingi hutumia transfoma ndogo, mara nyingi iliyofungwa kwenye boksi la breka, inayoshusha umeme wa volti 230 hadi 8 au 12. Zipo pia zisizo na transfoma, ambazo umeme wa nyumba hufika moja kwa moja hadi kwenye kitufe. Hizo, pamoja na upande wa volti 230 wa transfoma, mwachie fundi umeme.

Tuseme nyumba iko Tanga, karibu na bahari, na kengele yake ni ya volti 8. Kitufe cha getini kinakula chumvi na mvua mwaka mzima. Breka ikiwa imezimwa, kifungue: huenda ukakuta springi ina kutu na kile kibati cha shaba kimeganda palepale kilipobonyezwa. Chomoa waya mmoja, uzungushie tepu, kisha washa. Kengele ikinyamaza, mkosaji ni kitufe. Ikiendelea kulia, nyaya mbili za kitufe zimegusana njiani. Anza kutafuta kwenye maungio, na pale waya ulipopita chini ya msumari au kwenye bawaba ya geti.

Tatizo gumu zaidi ni transfoma kuchemka huku kengele iko kimya. Hapo kitufe hakihusiki, maana kitufe kikiganda kengele hulia, labda koili iwe imeshaungua. Mara nyingi ni shoti kati ya nyaya mbili zinazotoka kwenye transfoma: umeme unarudi kabla haujaifikia koili. Zima, chomoa nyaya zote mbili za volti 8, washa, na usubiri nusu saa. Uvuguvugu ni kawaida. Ikiwa moto hata ikiwa peke yake, imeharibika ndani na haitengenezeki. Ikipoa, kosa liko nje: kwenye nyaya au kwenye koili.

Ukishabadilisha kitufe kilichoganda, usiondoke kabla ya kuipima kengele. Ikilia kwa unyonge, au ikitoa harufu ya kuungua, koili yake imeshakwisha. Nunua kengele nyingine ya volti zilezile zilizoandikwa kwenye transfoma.