Ankara ya Mwanasheria Haiingii Kwenye Bei

Tuchukue kampuni ya kusaga nafaka ya Dar es Salaam inayotaka kununua kampuni ya kukamua mafuta ya alizeti mkoani Singida. Ni mfano tu, na tarakimu nimezipanga mwenyewe. Wauzaji wanakubali kuachia hisa zote kwa shilingi bilioni 4. Mthamini akikagua mitambo, maghala, viwanja, akiba ya mbegu na madeni, anakuta kwamba vitu vyote vinavyoweza kutajwa kimojakimoja, ukishaondoa madeni, vina thamani ya bilioni 3.4. Milioni 600 zinazobaki mnunuzi anazilipia kile ambacho hakishikiki: wateja waliozoea chapa ile, wakulima wanaoleta alizeti yao pale kila msimu, mafundi wanaoijua mitambo. Wahasibu huiandika tofauti hiyo kwenye mizania kama thamani ya jina la biashara.

Hadi hapo hakuna ubishi. Ubishi unaanza ankara nyingine zinapotua mezani. Ofisi ya mawakili inadai milioni 95. Wahasibu waliochimbua vitabu vya kampuni ya Singida, kuhakikisha hakuna deni la kodi lililofichwa, wanadai milioni 80. Mthamini anataka 30. Dalali aliyewakutanisha mnunuzi na muuzaji ana asilimia 2 yake, yaani milioni 80. Ada ya maombi ya kibali katika Tume ya Ushindani tuiweke milioni 25. Juu ya hayo, benki iliyokopesha bilioni 2 kati ya zile nne imekata milioni 30 za kuandaa mkopo.

Mkurugenzi wa fedha akiulizwa kiwanda kimemgharimu kiasi gani, atajumlisha yote, na kwa mfuko wake yuko sahihi. Bila fedha hizo asingekipata. Lakini hesabu za kampuni zinazofuata viwango vya kimataifa vya taarifa za fedha zinamkatalia. Tangu toleo jipya la kiwango cha IFRS 3 lilipotolewa Januari 2008 na kuanza kutumika kwa miaka ya hesabu iliyoanza Julai 1, 2009 au baadaye, malipo ya mawakili, wahasibu, wathamini na madalali wa ununuzi wa biashara ni matumizi. Yanaingia kwenye taarifa ya faida na hasara na kula faida ya kipindi ambacho huduma ilipokelewa. Marekani ilikwishaamua hivyo hivyo Desemba 2007, kwa kuwa bodi mbili za viwango, ya kimataifa na ya kule, zilifanya kazi hiyo pamoja.

Zamani mambo yalikuwa kinyume. Ankara za namna hii ziliongezwa kwenye gharama ya ununuzi, na kwa kuwa hazikuwa jengo wala mtambo, ziliangukia kwenye thamani ya jina. Kibaya zaidi, tangu mwaka 2004 thamani ya jina haikupunguzwa tena kidogokidogo kila mwaka katika viwango hivyo. Ilipimwa tu kila mwaka kuona kama imeshuka. Kwa hiyo ada ya wakili aliyekwishamaliza kazi na kulipwa iliweza kukaa kwenye mizania mwaka baada ya mwaka, ikihesabiwa kuwa mali.

Hoja ya walioandika kiwango kipya ni nyepesi kuifuata. Biashara inaandikwa kwa thamani iliyobadilishana mikono kati ya mnunuzi na muuzaji. Wazee wa Singida wamepokea bilioni 4, hawakuona hata senti ya wakili. Wakili amefanya biashara nyingine kabisa na mnunuzi: ameuza saa zake, na saa hizo zimekwisha siku alipokabidhi ripoti. Aliyeajiri wakili wa bei mbaya hajapata kiwanda kizuri kuliko aliyepata wakili wa bei nafuu. Wapinzani walijibu kwamba hakuna mnunuzi anayepanga bei bila kufikiria ada, na jibu hilo lina uzito. Ila mimi naona walioshinda walistahili. Fikra za mnunuzi kabla ya kununua ni suala lake. Mizania inaeleza kilichopo baada ya kununua.

Sasa turudi kwenye ankara, maana ndiko makosa yanakotokea. Ya mawakili imeandikwa mstari mmoja: huduma za kisheria, ununuzi wa kampuni, shilingi 95,000,000. Mhasibu mvivu ataibandika nzima kwenye matumizi. Anayejua kazi ataomba orodha ya saa iliyoambatana nayo, na humo atakuta kwamba mawakili hawakushughulika na mkataba wa hisa peke yake. Sehemu ya saa zao, zenye thamani ya milioni 20, waliitumia kuandaa mkataba wa mkopo na hati za rehani kwa ajili ya benki. Hizo si gharama za kununua biashara, ni gharama za kukopa. Zinaungana na milioni 30 zilizokatwa na benki, zinakuwa 50, na mkopo wa bilioni 2 unaandikwa siku ya kwanza kama bilioni 1.95. Tofauti inarudi kidogokidogo kama riba katika miaka yote ya mkopo. Kama kampuni ingetoa hisa mpya ili ipate fedha, ada za kutoa hisa zingepunguzwa moja kwa moja kwenye mtaji.

Baada ya kutenganisha, gharama za ununuzi zinabaki hivi: mawakili 75, wahasibu 80, mthamini 30, dalali 80, tume 25. Jumla milioni 290. Kwa utaratibu wa zamani thamani ya jina ingefika milioni 890. Kwa wa sasa ni 600, na 290 zinapita kwenye faida.

Zinapita mwaka gani? Hapa ndipo wengi huteleza. Tuseme kampuni hufunga hesabu Desemba 31. Uchunguzi ulianza Septemba, na mauziano yakakamilika Machi. Kufikia Desemba 31 wahasibu walikuwa wamemaliza kazi yote, na mawakili walikuwa wamefanya ya milioni 40. Milioni 120 ni za mwaka ule wa kwanza, hata kama hakuna ankara iliyofika na kiwanda hakijanunuliwa bado. Huduma imepokelewa, basi. Milioni 170 zilizobaki, pamoja na ada ya dalali anayelipwa tu biashara ikikamilika, zinaingia mwaka wa pili.

Mkurugenzi hapendi. Faida ya mwaka wa kwanza inashuka kwa ajili ya kitu ambacho msomaji wa hesabu hata hajakiona, na mara nyingi benki imeweka sharti kwamba faida isishuke chini ya kiasi fulani kulinganisha na riba. Ndipo linapozuka wazo la kuziweka zile milioni 120 kwenye malipo ya awali, zisubiri Machi. Mkaguzi hulikuta kwa urahisi: anafungua orodha ya malipo ya awali, anatafuta majina ya ofisi za sheria na za ushauri, kisha anauliza ni huduma gani ambayo bado haijatolewa. Kama ripoti ya uchunguzi ina tarehe ya Novemba, hakuna kilicholipiwa mapema. Na kama wauzaji wangebadili mawazo Februari, zile 120 zingebaki palepale. Ununuzi uliovunjika haurudishi saa za wakili.

Ujanja mwingine ni wa kumwomba muuzaji. Muuzaji amlipe dalali zile milioni 80 kwa niaba ya mnunuzi, halafu bei ipandishwe iwe bilioni 4.08. Kwa macho ya haraka, ada imegeuka bei na imetoweka kwenye matumizi. Kiwango kiliona mbali: fedha anazorudishiwa muuzaji kwa kulipa gharama za mnunuzi zinahesabiwa kuwa muamala tofauti, hivyo bei inabaki bilioni 4 na zile 80 zinarudi kwenye matumizi. Anayetaka kuugundua asome rasimu za mkataba kwa mfuatano wa tarehe. Bei iliyoruka katika rasimu ya mwisho kwa kiasi kilekile cha ada, huku barua ya kumwajiri dalali ikiwa na sahihi ya mnunuzi, imekwishajieleza.

Kuna jambo linalowachanganya hata wahasibu wazoefu. Kampuni ya Dar es Salaam huandaa hesabu za aina mbili: za kundi zima, ambamo mali za Singida zinaunganishwa na zake, na zake mwenyewe kama kampuni mama. Katika hesabu zake mwenyewe hakuna mitambo ya alizeti wala thamani ya jina, kuna hisa tu, na mazoea yaliyokubalika ni kwamba gharama ya hisa hizo inajumuisha ada za kuzinunua. Humo uwekezaji unasomeka bilioni 4.29. Wakati wa kuunganisha hesabu lazima mtu akumbuke kuziondoa zile milioni 290. Asipokumbuka zinajipenyeza kwenye thamani ya jina, na kosa la zamani linarudi kwa mlango wa nyuma.

Ada huongezwa kwenye gharama pia pale kinachonunuliwa si biashara bali mali tupu. Ukinunua kiwanja, ada ya wakili na ya dalali ni sehemu ya gharama ya kiwanja. Ndiyo maana swali la kama kiwanda cha Singida ni biashara inayokwenda, chenye wafanyakazi na utaratibu wa uzalishaji, au ni majengo na mitambo iliyofungiwa, lina uzito wa milioni 290. Tangu mwaka 2020 kuna kipimo cha hiari: ikiwa karibu thamani yote iko kwenye mali moja au kundi moja la mali zinazofanana, hiyo si biashara, na upimaji unaishia hapo.

Kampuni nyingi za wastani Tanzania na Kenya hazifuati viwango vyote kamili, zinafuata kile cha kampuni ndogo na za kati. Kwa toleo linalotumika sasa, bado zinatakiwa kujumlisha ada hizi kwenye gharama ya kununua biashara, ila thamani ya jina zinaipunguza kila mwaka. Toleo la tatu, lililotolewa Februari 2025, linaanza Januari 1, 2027, na kwa ada linafuata njia ya kampuni kubwa. Kampuni inayopanga ununuzi wa kukamilika mwaka huo ni vizuri ipitie mapema masharti ya mkopo wake.

Kodi nayo ina sheria zake. Kwa kuwa ada imekula faida kwenye vitabu, haimaanishi kwamba itapunguza kodi. Sheria ya kodi ya mapato ya Tanzania haikubali matumizi ya mtaji kukatwa kwenye mapato, hivyo mhasibu atazirudisha ada za kununua hisa kwenye hesabu ya kodi, na kuzitunza kama sehemu ya gharama ya hisa zitakapokuja kuuzwa.

Anayesoma hesabu za kundi kutoka nje aende kwenye maelezo ya ununuzi wa biashara nyuma ya taarifa. Kiwango kinataka kiasi cha gharama hizi kitajwe, pamoja na mstari wa matumizi zilipowekwa. Kisha atazame taarifa ya mtiririko wa fedha. Bilioni 4, zikitolewa fedha taslimu zilizokutwa kwenye kampuni ya Singida, zinakaa kwenye uwekezaji. Milioni 290, kwa kuwa hazikuzaa mali kwenye mizania ya kundi, mahali pake ni shughuli za kawaida za uendeshaji, na mhasibu aliyezipeleka kwenye uwekezaji ameufanya unga uonekane unaingiza fedha nyingi kuliko ilivyo.