Inhela na spesa: dawa ya pumu impatayo mtoto kifuani

Inhela ya pumu ikibonyezwa, dawa huchomoka kwa kasi kubwa mno. Mtu mzima aliyezoea huweza kuanza kuvuta pumzi sambamba na mbonyezo. Mtoto wa miaka mitatu hawezi. Akiwekewa inhela mdomoni moja kwa moja, sehemu kubwa ya dawa hugonga ulimi na koo, kisha humezwa na kuishia tumboni badala ya kufika kwenye mirija ya hewa iliyobana. Spesa ni chombo cha plastiki chenye uwazi ndani, kinachowekwa kati ya inhela na mdomo wa mtoto. Dawa huingia humo kwanza, kasi yake hupungua, matone makubwa hubaki kwenye kuta, na ule ukungu mwembamba hungoja mtoto auvute kwa pumzi zake za kawaida.

Spesa nyingi zina vali ndogo upande wa mdomo. Mtoto akivuta, vali hufunguka na dawa hupita. Akitoa pumzi, vali hujifunga ili pumzi yake isirudi kuisukuma dawa iliyobaki. Mtoto mdogo, kwa kawaida hadi karibu miaka minne, hutumia spesa yenye barakoa laini inayofunika pua na mdomo. Anapoweza kubana kidomo cha spesa kwa midomo yake na kupumua kwa mdomo pekee, barakoa huondolewa, kwa sababu dawa inayopitia puani hupungua njiani.

Hatua kwa hatua

Chukua mfano wa mtoto wa miaka mitatu aliyeandikiwa mipulizo miwili ya salbutamoli, dawa ya kufungua kifua. Kazi huanza kwa kumweka mtoto wima, ama ameketi mapajani mwa mzazi akiwa ameegemea kifua chake, ama amesimama. Mtoto aliyelala chali hapumui vizuri, na barakoa humtoka usoni kwa urahisi.

Mzazi huvua kifuniko cha inhela na kuchungulia ndani ya mdomo wake kama hamna uchafu. Inhela mpya, au iliyokaa siku kadhaa bila kutumika, hupulizwa hewani kwanza mara mbili hadi nne, kama karatasi ya maelezo inavyoagiza, hadi itoe ukungu wa kutosha. Kisha hutikiswa vizuri na kuchomekwa nyuma ya spesa, kopo la dawa likiwa wima. Kutikisa si jambo la kupita nalo haraka: katika inhela nyingi dawa huelea ndani ya kimiminika na hutuama chini, hivyo isipotikiswa mpulizo mmoja huwa mwepesi na mwingine mzito.

Barakoa huwekwa usoni ikikaza pande zote, kuanzia juu ya pua hadi kidevuni. Hapa ndipo dawa nyingi hupotea. Uwazi mdogo tu kando ya pua humfanya mtoto avute hewa ya pembeni badala ya ile ya ndani ya spesa. Barakoa ikikaa vizuri, vali huonekana ikicheza kila anapopumua.

Kopo hubonyezwa mara moja tu. Barakoa haiondolewi; mtoto huachwa apumue kwa utulivu mara tano au sita, huku mzazi akihesabu kwa kuitazama vali. Baada ya hapo barakoa huondolewa, mzazi husubiri kama nusu dakika hadi dakika moja, hutikisa inhela tena, na kurudia hatua zilezile kwa mpulizo wa pili. Kubonyeza mara mbili kwa mfululizo ili kuokoa muda hakumpi mtoto dawa maradufu. Matone hugongana ndani ya spesa, huwa makubwa na kuishia kwenye kuta.

Mtoto mkubwa zaidi, anayetumia kidomo, hufuata utaratibu huohuo. Akiweza, hutoa pumzi yote kwanza, huvuta dawa polepole na kwa kina, kisha huibana pumzi kwa sekunde kumi hivi. Spesa fulani hupiga filimbi mtoto anapovuta kwa pupa; mlio huo ni ishara ya kumwambia avute taratibu.

Mtoto akilia

Wako wanaoamini kwamba mtoto anayelia hupata dawa zaidi kwa sababu anapanua mdomo. Ukweli ni kinyume chake. Anayelia hutoa pumzi ndefu na kuvuta kwa ghafla, na dawa hubaki kooni. Ni afadhali kumzoesha barakoa akiwa mzima: aishike, amwekee mwanasesere, ahesabu pumzi pamoja na mama au dada yake. Lakini kifua kikiwa kimebana, dawa haisubiri kilio kiishe. Hutolewa hivyohivyo, barakoa ikiwa imekazwa.

Pasipo na spesa ya dukani

Chupa ya plastiki ya soda ya mililita 500 inaweza kufanya kazi hiyo. Heather Zar na wenzake wa Cape Town, Afrika Kusini, waliijaribu kwa watoto waliobanwa na pumu, na mwaka 1999 walichapisha matokeo katika jarida la Lancet: chupa iliyozibwa vizuri mahali inapoingia inhela ilikaribiana na spesa ya kiwandani, ilhali kikombe cha plastiki nyepesi hakikufua dafu. Chupa huoshwa na kukaushwa, kisha hutobolewa kitakoni tundu lenye umbo la mdomo wa inhela, kwa waya uliopashwa moto na kupindwa umbo hilo. Inhela huingia ikibana, na kingo huzibwa kwa gundi au utepe. Mtoto hupumua kupitia mdomo wa chupa.

Kuosha, na dawa ya kuzuia

Plastiki hukusanya umeme tuli unaonasa dawa kwenye kuta. Kwa hiyo spesa huoshwa mara moja kwa mwezi, au kama maelezo yake yanavyosema, kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo ya vyombo, kisha huachwa ikauke yenyewe. Kuifuta kwa kitambaa hurudisha umeme ule.

Mtoto akitumia pia dawa ya kuzuia, kama beklometasoni, husukutua na kutema maji kila baada ya dozi, na uso uliofunikwa na barakoa hufutwa. Mabaki ya dawa hiyo huweza kuleta utando mweupe mdomoni. Inhela hii hutumika kila siku hata kifua kikiwa shwari, wala haifungui kifua kilichobana ghafla. Jina lililoandikwa kwenye kopo ndilo la kutegemewa kuliko rangi, kwani rangi hubadilika kutoka kiwanda hadi kiwanda.

Dawa isipotosha

Kwa mtoto wa miaka mitano au chini, mwongozo wa kimataifa wa GINA unaelekeza mipulizo miwili ya salbutamoli, inayoweza kurudiwa mara mbili zaidi kila baada ya dakika 20. Akihitaji zaidi ya mipulizo sita ndani ya saa mbili, apelekwe kwa daktari. Midomo ikibadilika rangi, nyama za kati ya mbavu zikivutwa ndani, au akishindwa kuongea au kunywa, apelekwe hospitali mara moja, huku akiendelea kupewa dawa njiani.

Kopo tupu huweza kutoa upepo unaofanana na dawa, na kulielesha kwenye maji hakuonyeshi kilichobaki. Lisilo na kihesabio hupigiwa hesabu: kopo la mipulizo 200, likitumika miwili asubuhi na miwili jioni, huisha kwa siku 50. Tarehe ya kuanza ikiandikwa juu yake kwa kalamu, siku ya kununua jingine hujulikana mapema.