Aivamektini ya Ng'ombe Isitumiwe na Binadamu
Wafugaji wa Ngara na Biharamulo huifahamu aivamektini kuwa dawa ya minyoo ya ng'ombe. Vidonge vya dawa hiyohiyo hutolewa kwa binadamu kutibu usubi.

Aivamektini hupoozesha minyoo. Ubongo wetu nao ungedhurika, lakini una ulinzi. Chembe za kuta za mishipa midogo ya damu ubongoni zimebanana, nazo zina protini iitwayo P-glikoprotini. Dawa ikijipenyeza, protini hiyo huisukuma irudi katika damu. Kondo la nyuma pia lina protini hiyo, ambayo hupunguza dawa inayomfikia mtoto tumboni. Hata hivyo, mjamzito hapewi aivamektini katika kampeni za kingatiba.

Ulinzi huo una kikomo. Kwa usubi, mtu wa kilo 60 humeza takriban miligramu 9 kwa mara moja. Mililita 1 tu ya dawa ya sindano ya ng'ombe, yenye nguvu ya asilimia 1, ina miligramu 10. Kipimo kikizidi mno, protini huelemewa na dawa huingia ubongoni. Mtu huyumba, huona ukungu, huchanganyikiwa, na huweza kuzimia. Afikishwe kituo cha afya mara moja, pamoja na chupa ya dawa aliyotumia.