Manukuu ya video fupi

Manukuu ya video fupi ni maandishi yanayotokea juu ya picha za video ya sekunde chache, kwa mfano ya mtu anayecheza ngoma au anayejaribu kupika, na kutoweka kwa wakati uliopangwa. Humsaidia mtazamaji kiziwi pamoja na yule anayetazama simu bila sauti. Kwa kuwa video yenyewe ni fupi, neno likitokea sekunde moja kabla au baada ya tendo linaweza kuharibu maana yake.

## Muda wa kusoma

Jicho la mtazamaji lina kazi mbili: kusoma na kuangalia tendo. Waandishi wengi wa manukuu hukadiria kwamba mtu husoma herufi 12 hadi 17 kwa sekunde, nafasi kati ya maneno zikihesabiwa. Kwa kiwango cha herufi 15, sentensi "Leo nitajaribu kugeuza chapati bila kutumia mwiko wala mkono" yenye herufi 60 inahitaji sekunde 4. "Leo nageuza bila mwiko" ina herufi 22, hivyo sekunde moja na nusu inatosha.

Andiko fupi sana nalo lisipite haraka mno. Mwongozo wa Netflix, kwa mfano, unataka kila andiko likae angalau sehemu tano za sita za sekunde, na lisizidi sekunde 7.

## Mfano wa upishi

Tuseme kuna video ya sekunde 12. Mpishi anashika kikaango, mafuta yanachemka, kisha kwenye sekunde ya 6.4 anairusha chapati juu. Kwenye sekunde ya 7.2 chapati inaanguka sakafuni. Manukuu yake yanaweza kuandikwa katika faili la aina ya SRT hivi:

```
1
00:00:01,000 --> 00:00:03,500
Leo nageuza bila mwiko

2
00:00:04,000 --> 00:00:06,000
[Mafuta yanachemka]

3
00:00:07,200 --> 00:00:09,200
Imefika. Sakafuni.
```

Kila sehemu ina namba, muda wa kuanza na kuisha, kisha maneno. Muda huandikwa kwa saa, dakika, sekunde na elfu za sekunde, na mkato ndio unaotenganisha hizo mbili za mwisho. Mstari mtupu hutenganisha sehemu moja na nyingine. Mabano ya mraba yanaonyesha sauti isiyo maneno, ambayo kiziwi asingeijua.

Kati ya sekunde ya 6 na ya 7.2 hakuna andiko lolote, ili macho yaifuate chapati hewani. Andiko la tatu lingetokea kwenye sekunde ya 5, mtazamaji angejua mwisho kabla ya kuuona, na kichekesho kingekufa.

## Mfano wa dansi

Katika dansi, kipimo ni mdundo. Wimbo wenye midundo 120 kwa dakika una mdundo mmoja kila nusu sekunde, hivyo hesabu ya midundo minane huchukua sekunde 4. Katika video ya kufundisha, jina la hatua huwekwa kwenye mdundo wa kwanza wa hesabu hiyo na kuondolewa hatua inapobadilika. Jina refu huweza kutangulia kwa mdundo mmoja, ili limalize kusomwa kabla mguu haujanyanyuliwa. Maandishi hayawekwi juu ya miguu, kwa kuwa ndiyo inayofuatwa na mwanafunzi.

## Makosa ya kawaida

Kosa linalotokea mara nyingi ni kuihariri video baada ya kupanga muda wa manukuu. Namna manukuu yanavyoachana na picha huonyesha chanzo chake. Kama yote yanachelewa kwa kiasi kilekile, huenda mwanzo wa video umekatwa. Ikiwa sekunde moja na nusu imeondolewa mwanzoni, kila muda katika faili hupunguzwa kwa sekunde moja na nusu. Andiko ambalo muda wake wa kuanza ungekuwa chini ya sifuri hufupishwa au huondolewa.

Kama tofauti ni ndogo mwanzoni na inakua kadiri video inavyoendelea, kasi ndiyo iliyobadilishwa. Video ya chapati ikiharakishwa mara mbili, itakuwa ya sekunde 6 na chapati itaanguka kwenye sekunde ya 3.6. Andiko la tatu, lililopangiwa sekunde ya 7.2, halitaonekana kabisa. Hapo kila muda hugawanywa kwa mbili. Hata hivyo, andiko la kwanza litabaki na sekunde 1.25 tu, chini ya muda wake wa kusomeka, kwa hiyo hurefushwa kidogo au maneno yake hupunguzwa.

Manukuu yaliyounganishwa na picha zenyewe hayawezi kurekebishwa hivyo. Ni lazima video itengenezwe upya kutoka nakala isiyo na maandishi. Kwa sababu hiyo, nakala hiyo huhifadhiwa.