Kagua matairi kila Jumatatu, andika kabla ya kujaza

Tuchukue biashara ndogo inayopeleka unga, sabuni na soda madukani. Ina vani tatu na pikipiki nne. Ukihesabu na spea za vani, hayo ni matairi 23. Ukilipa kila tairi dakika mbili, kazi yote inaisha kwa dakika 46, kabla mzigo haujapakiwa.

Vifaa ni vichache: geji ya upepo iliyo yako mwenyewe, daftari, kitambaa, na chupa ya maji ya sabuni. Usitegemee geji ya kituo cha mafuta pekee, kwa sababu leo utapima hapa na wiki ijayo kwingine, na geji hizo hazikubaliani.

Pima asubuhi, tairi likiwa baridi. Tairi lililotoka barabarani limepata joto na upepo ndani umepanda, hivyo geji itakudanganya kuwa uko sawa. Tena usipunguze upepo wa tairi lililo moto. Likipoa litakuwa chini ya kiwango.

Kiwango chenyewe hakiko ubavuni mwa tairi. Namba iliyochapwa pale ni ya juu kabisa ambayo tairi hilo linaweza kubeba, na hapa madereva wengi hukosea. Kiwango cha gari lako kiko kwenye kibandiko cha fremu ya mlango wa dereva, na mara nyingi kuna namba mbili, ya gari tupu na ya gari lenye mzigo. Kwa pikipiki, tazama kibandiko karibu na kifuniko cha cheni, au kitabu chake.

Sasa lililo muhimu zaidi: andika namba uliyoikuta, ndipo ujaze. Anayejaza kwanza na kuandika baadaye hufuta ushahidi. Tuseme tairi la nyuma kushoto la vani ya pili linatakiwa kuwa na paundi 40. Jumatatu ya kwanza limekutwa na 37, likajazwa. Ya pili limekutwa na 33, likajazwa. Ya tatu 34. Wenzake matatu wamepungua paundi moja tu kwa muda wote huo. Kama daftari lingeandikwa "40, 40, 40", hakuna ambaye angejua. Tairi zima hupoteza paundi moja au mbili kwa mwezi. Linalopoteza sita kwa wiki linavuja, na ifikapo Jumamosi linabeba magunia likiwa limelegea. Tairi lililolegea hujikunja kila linapozunguka, hupata joto, na huweza kupasuka barabarani.

Mwagia maji ya sabuni pole pole. Povu likitokea kwenye mdomo wa kutilia upepo, fundi atabadilisha kipini cha ndani, kitu cha bei ndogo sana. Likitokea pembezoni mwa rimu, tairi livuliwe na kutu isuguliwe. Likitokea kwenye mitaro, kuna msumari, linazibwa. Lakini tundu lililo ubavuni halizibwi, na uvimbe ubavuni maana yake nyuzi za ndani zimekatika. Tairi hilo halitoki uani siku hiyo, hata kama wateja wanapiga simu.

Ukiwa umeinama pale, pitisha kiganja juu ya mitaro. Ndani ya mitaro kuna vijiti vidogo vya mpira. Mpira wa juu ukilingana navyo, tairi limekwisha. Likiwa limelika kingo zote mbili, limekuwa likikimbia bila upepo wa kutosha. Likilika ukingo mmoja tu, shida iko kwenye magurudumu yasiyonyooka, na ukiweka tairi jipya bila kurekebisha hilo, nalo litalika vivyo hivyo.

Nati za vani ziangaliwe kwa macho. Michirizi ya kutu inayoanzia kwenye nati ni dalili kwamba imelegea. Gurudumu likivuliwa kwa pancha, nati zikazwe tena baada ya kilomita 50 hivi, kwa kuwa hulegea kidogo baada ya kutulia.

Pikipiki isimamishwe kwa stendi ya kati. Zungusha gurudumu ukigonga kila spoki kwa spana ndogo: iliyokaza hulia, iliyolegea hutoa mlio mzito. Kisha shika tairi kwa mikono miwili, ulisukume kulia na kushoto. Likicheza, beringi zimechoka. Pikipiki inayobeba kreti nyuma humaliza beringi za nyuma upesi kuliko za mbele, kwa hiyo anza huko.

Spea nazo zipimwe siku hiyo hiyo. Spea iliyokaa miezi sita bila kuguswa mara nyingi hukutwa imelegea, na dereva hulijua hilo akiwa kando ya barabara na jeki mkononi.